Gari la safari ndefu Ufipa: Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama

MFANYABIASHARA wa maharage anayeishi Mwimbi na kufuata wateja Sumbawanga mjini siku nne kwa wiki huwa hafikirii gari kwa namna ya mtu wa mjini. Kwake gari ni chombo cha kazi kama jembe, lakini pia ndipo anapokaa saa tatu au nne kwa siku. Akikosea kuchagua, kosa hilo hamlipizi siku moja. Atalilipa kila asubuhi kituoni anapojaza mafuta, kila mwezi gereji, na kila usiku mgongoni.

Katika wilaya ya Kalambo, ambayo ilianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, wengi wanaopata fedha za kutosha baada ya msimu wa mahindi au maharage hujikuta wakibishania magari matatu. La kwanza ni Toyota Probox, ambalo sehemu nyingi za nchi limepewa jina la mchomoko. La pili ni Toyota Noah. La tatu ni Hilux ya dizeli yenye milango minne. Yote huletwa yakiwa yametumika, yote yana spea, na kila moja lina watetezi wake kijiweni. Kinachokosekana katika ubishi huo mara nyingi ni kalamu na karatasi.

Hesabu ya mwaka mzima

Achukuliwe mfanyabiashara ambaye safari yake ni kilomita 75 kwenda na 75 kurudi, 50 zikiwa za lami na 25 za vumbi. Hizi ni namba za mfano tu. Anayetoka Mwimbi kwenyewe, Matai au kijiji cha ndani zaidi aweke umbali wake kama anavyousoma kwenye dashibodi. Kwa siku nne za wiki na wiki 50 za mwaka, mtu huyo anasafiri siku 200, yaani kilomita 30,000. Huo ni mwendo mkubwa. Gari la mtumishi wa mjini anayekwenda ofisini na kurudi huweza kuchukua miaka mitatu au minne kufikisha kiasi hicho.

Probox ya cc 1,500 inayovuta kwa magurudumu mawili, ikiwa nzima na haikujazwa kupita kiasi, hutarajiwa kwenda kama kilomita 13 kwa lita katika njia iliyochanganya lami na vumbi. Kwa kilomita 30,000 zitahitajika lita 2,300 hivi. Noah ya cc 2,000 ikienda kilomita 9 kwa lita itakunywa lita 3,333. Hilux ya dizeli ya cc 2,500 ikipata kilomita 11 kwa lita itahitaji lita 2,727.

Ili hesabu iwe nyepesi, lita moja ya petroli au dizeli ihesabiwe kuwa shilingi 3,000. Probox itamgharimu karibu shilingi milioni 6.9 kwa mwaka, Hilux milioni 8.2 na Noah milioni 10. Kati ya Probox na Noah kuna tofauti ya zaidi ya shilingi milioni tatu kila mwaka, na hapo hakuna tairi wala oili iliyoguswa. Kwa miaka mitatu ni milioni tisa, fedha ambazo kwa watu wengi ni karibu bei ya gari jingine.

Bei halisi ya lita hubadilika. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na orodha yake hutaja bei kwa kila mji na wilaya. Mikoa iliyo mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hulipa zaidi kwa sababu ya usafirishaji, na Rukwa ni mmojawapo. Anayeishi kijijini huongezewa tena anaponunua kwenye chupa au dumu.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau ni kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na mapato yake yakahamishiwa kwenye kodi ya mafuta. Zamani mwenye gari lililolala nyumbani na mwenye gari linalozunguka kila siku walilipa ada ileile kama injini zao zililingana. Sasa kila lita ina fungu lake la ada hiyo. Kwa hiyo anayesafiri kilomita 30,000 ndiye anayeumia zaidi akichagua injini inayokunywa sana.

Mwinuko na injini

Uwanda wa Ufipa uko juu. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam ambako magari mengi hununuliwa na kujaribiwa. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Maana yake ni kwamba Probox iliyoonekana nyepesi kule pwani itafika Sumbawanga ikiwa imepungukiwa karibu asilimia 18 ya nguvu zake. Injini haijaharibika, bali inavuta hewa kidogo.

Hii ndiyo sababu Probox ya cc 1,300 haimfai sana mtu wa safari hizi. Inaonekana nafuu kwenye karatasi, lakini ikipakiwa magunia na watu katika uwanda wenye miinuko, dereva hulazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho na kurudi gia ya chini mara kwa mara. Akiba ya mafuta iliyotarajiwa huishia hapo. Ya cc 1,500 hufanya kazi ileile bila kuhangaika. Hilux yenye turbo hupoteza nguvu kidogo zaidi kwa sababu turbo huilazimisha hewa kuingia, na katika miinuko tofauti hiyo huonekana wazi.

Baridi nayo ina lake. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Sumbawanga huwa kali, na hapo hujitokeza tabia moja ya gereji iliyozoeleka nchini, ya kung'oa themostati ili injini isichemke. Themostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikitolewa, injini hutembea ikiwa baridi kwa kilomita nyingi, kompyuta yake huendelea kuongeza mafuta ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili huchafuka mapema. Mnunuzi anaweza kuligundua hili kwa urahisi. Gari likitembea kilomita 10 na sindano ya joto bado iko chini, au taa ya bluu ya ubaridi haijazimika kwa yale yasiyo na sindano, basi themostati imetolewa au imekufa. Kuirudisha ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na mafuta yanayopotea. Lakini kwanza iulizwe kwa nini ilitolewa, maana huenda rejeta imeziba au gasketi ya silinda hedi ina tatizo.

Mgongo wa msafiri

Wengi hudhani starehe ni ubishoo. Kwa mtu wa saa tatu au nne barabarani kila siku, starehe ni kubaki na akili ya kuendesha wakati wa kurudi jioni, wakati mwingine gizani, huku ng'ombe na baiskeli zisizo na taa zikitumia barabara hiyohiyo.

Kuhusu Probox, jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura. Tangu lilipoanza kutengenezwa mwaka 2002, gari hili lilitolewa kama gari la mzigo na pia kama gari la familia. Lile la mzigo lina kiti cha nyuma chembamba, kilichosimama wima, kilichowekwa ili kisheria kiwepo tu. Abiria wa nyuma akikaa humo saa moja na nusu kwenye vumbi atashuka akijinyoosha. La familia lina kiti cha nyuma kinene zaidi. Tofauti husomwa kwenye kibati cha chesisi kilicho chini ya boneti. Ya mzigo ya cc 1,500 huandikwa NCP51V, au NCP55V ikiwa inavuta kwa magurudumu manne, wakati za familia ni NCP58G na NCP59G. Herufi ya mwisho ndiyo ya kutazama. Anayesafiri peke yake na magunia achukue yenye V. Anayesafiri na mke, watoto au washirika wa biashara atafute yenye G, hata ikibidi kusubiri mwezi mmoja zaidi.

Hata hivyo, Probox ya mzigo haikukusudiwa kubeba kila kitu kinachoingia. Kiwango cha kiwandani ni kilo 400 dereva akiwa na abiria mmoja, na kilo 250 viti vyote vitano vikiwa na watu. Kwa magunia ya kilo 100, hayo ni magunia manne au mawili na nusu. Kila anayeijua michomoko anajua kwamba kiwango hicho huvunjwa kila siku, na ndiyo maana nyingi hutembea zimekaa kitako, taa zikiwaka juu ya miti, shokapu za nyuma zikiwa zimekufa. Ukiikuta Probox iliyokuwa ya abiria ikiuzwa bei ya kutupa, sababu yake mara nyingi iko hapo chini.

Noah ina nafasi na viti vizuri, lakini nayo ni mbili. Ile ya mwaka 1996 hadi 2001 injini yake iko chini ya viti vya mbele. Joto na kelele humpanda dereva moja kwa moja, na hata kukagua tu injini kunahitaji kuinua kiti. Iliyofuata, ya mwaka 2001 hadi 2007, injini ilihamia mbele na safari ikawa tulivu zaidi. Kwa starehe peke yake hakuna kati ya magari haya matatu linaloishinda Noah hiyo ya pili.

Hilux hudanganya kwa ukubwa wake. Nyuma yake imekaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa ajili ya tani ya mzigo. Ikiwa tupu hurukaruka kwenye matuta ya vumbi kiasi cha kuchosha kuliko gari dogo. Ikipakiwa kilo 400 au 500 hutulia na kuwa gari jingine kabisa. Anayekwenda Sumbawanga na mzigo na kurudi mtupu atapata nusu tu ya starehe aliyoilipia.

Kinachokwama na kinachokufa

Mvua za Rukwa huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Lami ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga imebadilisha maisha ya wengi, lakini kilomita za udongo zinazobaki ndizo zinazoamua kama mtu atafika sokoni. Hapo swali la magurudumu manne huibuka.

Probox inayovuta kwa magurudumu manne hutumia mafuta zaidi kidogo. Ikipata kilomita 12 kwa lita badala ya 13, kwa mwaka itahitaji lita 2,500, yaani gharama itaongezeka kwa karibu shilingi 577,000. Ikiwa siku moja ya kukwama humgharimu mfanyabiashara shilingi 60,000 kwa kulipa wa kumvuta na kukosa soko, basi magurudumu manne yatakuwa yamejilipa yakimwokoa siku kumi kwa msimu. Kwa anayeishi kandokando ya lami hazifiki. Kwa anayeishi kilomita 25 ndani ya udongo mwekundu huenda zikafika kabla ya Februari.

Lakini mfumo huo una mipaka yake. Magurudumu ya nyuma hupata nguvu pale tu ya mbele yanapoteleza, hakuna gia nzito ya kutokea matopeni, na tumbo la gari liko karibu chini vilevile. Pale malori ya mahindi yanapochimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, Probox hukaa juu ya tuta hilo na magurudumu yote manne huzunguka hewani. Hapo ni Hilux peke yake inayopita. Aidha, gari la aina hii halitaki tairi za kuchanganya. Mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huufanya mfumo ufanye kazi muda wote hata kwenye lami, hadi uungue. Anayenunua aangalie kama tairi zote nne ni za saizi moja na zimelika sawa, kisha alizungushe gari polepole uwanjani usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Likionekana kukaba kama lililofungwa breki, aliache.

Upande wa injini, Probox ya mwaka 2002 hadi 2014 hutumia injini ya 1NZ-FE, ambayo huendeshwa kwa mnyororo wa ndani na si mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Ikibadilishiwa oili kila kilomita 5,000 haina makuu. Kwa safari za kilomita 30,000 hiyo ni mara sita kwa mwaka, si mara mbili kama wengi wanavyofanya. Zilizotoka mwaka 2014 na kuendelea, zikiwa otomatiki, zina giaboksi ya CVT, na hiyo haiwekewi mafuta ya kawaida ya giaboksi. Fundi akisema mafuta yote ni yaleyale, atafutwe mwingine.

Noah nzuri ya mwaka 2001 hadi 2007 ndiyo yenye tahadhari kubwa. Injini yake, 1AZ-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa, na alama ya D-4 huonekana juu yake. Pampu hiyo na vipulizio vyake havivumilii mafuta machafu, na njia za hewa hujaa masizi. Dalili ni gari kutetemeka likiwa limesimama, kukosa nguvu ghafla kwenye mlima na kuwaka kwa shida asubuhi. Kwa anayejaza kwenye kituo kilekile mjini, linaweza kumtumikia vizuri. Kwa anayetegemea dumu la kijijini, ni gari la kumlaza njiani. Noah ya zamani yenye injini ya 3S-FE huvumilia zaidi, ila mkanda wake ubadilishwe kila kilomita 100,000, ambazo kwa msafiri huyu ni miaka mitatu na miezi michache.

Hilux za dizeli za kisasa nazo zina udhaifu unaofanana. Maji kidogo kwenye dizeli huua vipulizio, na seti moja ya vipulizio huweza kugharimu kuliko matengenezo ya Probox ya mwaka mzima. Uwekaji vinasaba kwenye mafuta ulioanza mwaka 2010, na kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, vilipunguza sana mchezo wa kuchanganya mafuta vituoni. Havikuzuia maji kuingia kwenye dumu lililoachwa wazi. Mwenye Hilux amwage maji kwenye chujio la dizeli kila wiki wakati wa mvua, kwa kulegeza kijifuniko kilicho chini yake mpaka itoke dizeli safi.

Lipi basi? Kwa mfanyabiashara wa maharage aliyetajwa, mwenye abiria mmoja au wawili na magunia yasiyozidi manne, Probox ya cc 1,500 inashinda, na ya magurudumu manne ikiwa nyumbani kwake hakufikiki kwa lami. Hilux inaanza kuwa na maana pale mzigo unapokuwa wa kilo 500 na kuendelea kila safari, maana bei ya kuinunua mara nyingi huzidi mara mbili ya Probox. Noah inabaki kwa mwenye familia kubwa aliye tayari kulipa milioni tatu za ziada kwa mwaka kwa ajili ya viti. Wapo wanaosema pengo hilo watalifidia kwa kubeba abiria wa nauli. Wakumbuke kwamba hiyo ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini (LATRA), na kwamba bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea abiria wakiwa wamelipa nauli.

Baada ya kununua, kipimo cha afya ya gari ni kimoja na hakina gharama. Mwenye gari ajaze tangi hadi bomba lijikate lenyewe, arudishe namba ya safari kwenye sifuri, atembee wiki nzima kama kawaida, kisha ajaze tena kwenye bomba lilelile hadi likatike. Kilomita zilizosomwa zigawanywe kwa lita zilizoingia. Zikiwa kilomita 600 na lita 46, gari linakwenda 13 kwa lita. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari kila wiki. Ikishuka hadi 11 bila mzigo kuongezeka, mambo ya kuangalia kwanza ni upepo wa tairi, chujio la hewa lililojaa vumbi, na breki inayobaki imeshika, ambayo hujulikana kwa kusogeza mkono karibu na ringi baada ya safari na kuona ipi ina joto kuliko wenzake. Plagi na themostati vifuate. Kwa kilomita 30,000 za mwaka, kushuka huko kwa kilomita mbili tu kunakula lita 420, zaidi ya shilingi milioni 1.2 kwa bei ya mfano.